Wanunuzi 412 ambao mhasibu hakuwaona: kisa cha muhtasari mmoja wa kampeni

Muhtasari wa kwanza niliuandika kwa dakika 20, na nilijisifu nao. Ulikuwa hivi:

> Kampeni ya usajili ilifanikiwa sana. Tuliwafikia watu 486,000, tukapata mibofyo 11,900 na wanunuzi 412, sawa na kiwango cha 3.46%. Kila mnunuzi aligharimu 38.83. Tulitumia 89% ya bajeti.

Ni sentensi nne, na kila namba ndani yake niliinakili kutoka kwenye dashibodi yenyewe. Hakuna niliyoitunga. Hata hivyo, ukiacha idadi ya mibofyo, hakuna namba ambayo ningeweza kuitetea mbele ya mtu mwenye daftari la mapato mkononi. Mtu huyo alinipigia simu asubuhi iliyofuata.

Kwanza kisa chenyewe. Taasisi niliyokuwa naifanyia kazi iliuza kozi moja ya mtandaoni, yenye dirisha la usajili la siku 28. Tulitangaza kwa njia nne: mtandao wa kijamii, video, matangazo ya injini ya utafutaji, na barua pepe kwa watu waliokwisha kutuachia anwani zao. Kabla ya kuanza, karatasi ya idhini iliweka mambo matatu: wanafunzi 300 waliolipa, bajeti ya kampeni 18,000, na gharama isiyozidi 60 kwa mwanafunzi. Fedha naziandika bila sarafu, na namba nimezizungusha kidogo ili hesabu ifuatike. Uwiano wake ndio uleule.

Mhasibu mkuu, ambaye ofisi nzima tulimwita Mama, hakuanza na lawama. Aliuliza tu: "Mdogo wangu, hawa 412 umewatoa wapi? Mimi waliolipa ninao 287, na tisa kati yao wameshaomba kurudishiwa hela."

Kutoka 412 hadi 278

Mia nne na kumi na mbili nilizipata kwa kujumlisha: mtandao wa kijamii ulisema umeleta 231, injini ya utafutaji 126, na mfumo wa barua pepe 55. Kosa lilianzia kwenye alama ya kujumlisha.

Kila jukwaa la matangazo huhesabu mauzo likiwa limejifungia chumbani peke yake. Linamtazama mnunuzi, linajiuliza kama mtu huyu aliwahi kukutana na tangazo langu ndani ya siku kadhaa, na likijibu ndiyo, linaandika moja. Halijui, wala haliulizi, kama jukwaa jingine nalo limeandika moja kwa mtu huyohuyo. Muda wa kuangalia nyuma nao hutofautiana. Kwa mpangilio wa kawaida, Meta Ads huhesabu aliyebofya tangazo ndani ya siku 7 kabla ya kununua, pamoja na aliyeliona tu bila kubofya ndani ya siku 1. Google Ads, kwa mpangilio wa kawaida, huangalia nyuma siku 30 tangu mbofyo. Mtu aliyeliona tangazo letu jioni, kesho yake akatafuta jina letu na kubofya tangazo la utafutaji, kisha akalipia kupitia kiungo cha barua pepe, anaweza kuhesabiwa mara tatu. Kila jukwaa litakuwa limefuata kanuni zake barabara. Mwongo hapo ni mimi niliyejumlisha.

Kulikuwa na tatizo la pili, dogo na la aibu zaidi. Kila mnunuzi alipomaliza kulipa alipelekwa kwenye ukurasa wa shukrani, na alama ya kuhesabia mauzo ilikuwa imewekwa hapo. Kiungo cha kuingilia darasani nacho tulikiweka kwenye ukurasa huohuo. Kwa hiyo mwanafunzi alihifadhi ukurasa na kurudi kesho, na kila aliporudi alama ilipiga mnunuzi mpya. Dawa yake inajulikana: kwa Google Ads, kwa mfano, ukituma namba ya oda pamoja na tukio la mauzo, katika sehemu iitwayo `transaction_id`, mfumo hutambua kuwa oda ileile imejirudia na kuihesabu mara moja. Sisi hatukuituma. Nilipolinganisha tarehe na saa za matukio na orodha ya oda, nilikuta marudio 31.

Dalili ya ugonjwa huu unaweza kuiona bila utaalamu wowote. Panga matukio ya mauzo kwa saa. Ukiona mauzo yanatokea saa chache kabla ya kipindi cha darasa, tena kwa mtindo uleule kila wiki, hao ni wanafunzi wako wanarudi kutafuta kiungo.

Tukiondoa 31, zinabaki 381, bado nyingi mno kuliko 287. Hapo niliachana na dashibodi na kuanzia upande wa pili, yaani kwenye orodha ya oda zilizolipwa. Ndilo pendekezo langu kwa yeyote anayeandika muhtasari wa namna hii: anza na fedha iliyoingia, kisha urudi nyuma kuuliza ilitoka wapi. Ukianza na matangazo ukashuka kuelekea kwenye fedha, utakutana njiani na wadai wengi kuliko wateja.

Viungo vyetu vyote vya kampeni vilikuwa na vitambulisho vya chanzo, mfano wa barua pepe ukiwa:

```
?utm_source=barua&utm_medium=email&utm_campaign=usajili
```

Mfumo wa oda uliweka kumbukumbu ya kitambulisho cha mwisho ambacho mnunuzi alikuja nacho. Kati ya oda 287, mtandao wa kijamii na video vilikuwa na 121, utafutaji 88, barua pepe 41, na 37 hazikuwa na kitambulisho chochote. (Barua pepe mwanzoni ilionekana kuwa na 26 tu. Mwenzangu mmoja aliandika `Barua` kwa herufi kubwa katika viungo vya wiki ya pili, na kwa mifumo hii herufi kubwa na ndogo ni vyanzo viwili tofauti.) Kwa hiyo waliopitia viungo vya kampeni walikuwa 250. Wanane katika wale tisa waliorudishiwa fedha walikuwa humo, wakabaki 242. Jumla ya waliolipa na kubaki, kwa njia zote, ni 278.

Tofauti kati ya 381 na 250 ni 131. Meta Ads hukuruhusu kutenganisha waliobofya na walioona tu, na walioona tu walikuwa 64. Waliosalia wengi wao ni watu waliodaiwa na majukwaa mawili, lakini kuwapanga kila mmoja kwenye fungu lake haiwezekani, kwa sababu jukwaa halitoi majina. Aidha, tangu Apple ilipoanza, kwa toleo la iOS 14.5 mwezi Aprili 2021, kuzitaka programu ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu katika programu na tovuti nyingine, sehemu ya mauzo yanayoripotiwa na majukwaa ni makadirio ya kihesabu. Nilisimama hapo. Kutafuta maelezo kamili ya zile 131 kungenila siku mbili, na muhtasari usingebadilika hata neno.

Nani angekuja hata bila tangazo?

Ningeweza kuandika 242 na kulala usingizi. Mama angekubali, maana zinaoana na daftari lake. Lakini kuna swali ambalo daftari haliwezi kulijibu: kati ya hao 242, wangapi wangelipa hata kama tusingetangaza?

Bahati nzuri tulikuwa na cha kulinganisha. Awamu tatu zilizotangulia zilifanyika bila matangazo ya kulipia, kila moja kwa dirisha la siku 28, na zilipata wanafunzi 64, 71 na 75. Wastani ni 70. Kozi ilikuwa ileile na ada ileile. Basi 278 ukitoa 70 ni 208, na hilo ndilo ongezeko ninaloweza kulihusisha na kampeni.

Namba hii ni ndogo kuliko 242, na tofauti yao ina maelezo. Kati ya wale 88 waliokuja kwa tangazo la utafutaji, 39 waliandika jina la taasisi yetu kwenye kisanduku cha kutafuta. Mtu anayekutafuta kwa jina tayari anakufahamu. Tangazo lilikaa juu ya tovuti yetu wenyewe, akalibofya kwa kuwa lilikuwa la kwanza, nasi tukalipia mtu aliyekuwa ameshafika mlangoni. Ukiwaondoa hao 39 kwenye 242 unapata 203, karibu sana na 208. Sikuuchukua ukaribu huo kuwa uthibitisho, kwa sababu baadhi yao huenda walilifahamu jina kupitia video zetu, na hapo tangazo lilifanya kazi yake. Ila njia mbili tofauti zilipoangukia jirani, nilipata ujasiri wa kuandika "kama 200".

Neno "kama" hapo nililiweka kwa makusudi. Idadi ya wanunuzi huyumba hata pale ambapo hakuna kilichobadilika, na kwa matukio ya kuhesabika kama haya, kipimo cha haraka cha kuyumba huko ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Kipeuo cha pili cha 278 ni karibu 17. Ule wastani wa 70 nao huyumba kwa karibu 5. Ukijumlisha miraba ya kuyumba kote kuwili, ukachukua kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha ukazidisha mara mbili kama ukingo wa tahadhari, unapata karibu 35 kila upande. Kwa hiyo 208 maana yake ni mahali fulani kati ya 170 na 240. Hesabu hii haigusi mambo mengine, kama vile mshindani kufunga duka lake mwezi huohuo. Njia safi ingekuwa kuliacha kundi moja la watu bila tangazo tangu mwanzo, halafu kulilinganisha na wengine. Hatukufanya hivyo, na baada ya kampeni kwisha jambo hilo halitengenezeki.

Watu 486,000 ambao hawapo

Namba ya ufikiaji ndiyo hupendwa zaidi na wakubwa, na ndiyo rahisi kuliko zote kuharibika. Yangu ilitokana na mtandao wa kijamii 302,000, video 171,000, na barua pepe 13,000.

Hizo 13,000 ni barua zilizotumwa. Kutuma si kufikia. Niliziondoa bila kusita.

Zilizobaki mbili hazijumlishiki. Ufikiaji ni hesabu ya watu tofauti, na mtu mmoja anaweza kuwemo katika orodha zote mbili. Kama kila aliyeona video aliona pia matangazo ya mtandao wa kijamii, jumla ya kweli ni 302,000. Kama hakuna hata mmoja aliyeona vyote, ni 473,000. Ukweli uko katikati, na hakuna chombo tulichokuwa nacho cha kuonyesha ni wapi. Kosa lilelile hutokea ndani ya jukwaa moja: ukijumlisha ufikiaji wa wiki nne, unamhesabu mara nne mtu aliyeona tangazo kila wiki. Ufikiaji wa mwezi unasomwa kwa kuweka tarehe za mwezi mzima kwenye ripoti, haujengwi kwa vipande. Tena, kinachohesabiwa ni akaunti, kwa makadirio, na akaunti moja si lazima iwe mtu mmoja.

Namba iliyonisaidia zaidi ilikuwa jirani ya ufikiaji, yaani marudio. Matangazo ya mtandao wa kijamii yalionyeshwa mara 1,570,000. Ukigawa kwa 302,000 unapata mara 5.2 kwa kila akaunti kwa mwezi. Si mbaya. Lakini nilipoitazama wiki ya nne peke yake, nilikuta maonyesho 510,000 kwa akaunti 88,000, karibu mara 6 ndani ya siku saba. Tangazo lilikuwa limeshamaliza watu wapya na sasa linazunguka kwenye nyuso zilezile. Nitalirudia hili.

Asilimia ya nini?

Kiwango cha ununuzi, au konvesheni kama tunavyoiita kazini, ni sehemu ya kugawa, na kila sehemu ina namba ya chini. Muhtasari wangu wa kwanza ulisema 3.46% bila kutaja iliyo chini. Nilikuwa nimegawa 412 kwa mibofyo 11,900.

Ya juu tumeshaiona kuwa mbovu. Ya chini nayo ilikuwa na walakini. Mibofyo ilikuwa 11,900, lakini ziara zilizofika kwenye ukurasa wa usajili zilikuwa 8,700. Wengine waligusa tangazo kwa bahati mbaya wakipitisha kidole, wengine walichoka kusubiri ukurasa ufunguke wakarudi. Pengo la robo nzima hivi ni taarifa yenyewe: lilitwambia kuwa ukurasa ulikuwa mzito kwenye simu. Ila si sahihi kulibebesha swali la "je, waliofika walishawishika?" Nikagawa 242 kwa 8,700, nikapata 2.8%.

Nilipoiandika niliitamka kwa maneno: karibu 3 kati ya ziara 100. Desimali mbili kwenye namba ambayo ukingo wake wa makosa ni mpana namna hii humfanya msomaji adhani tumepima kwa mizani ya dhahabu. Mwenye jicho kali hufikia hitimisho la kinyume: anayeandika 3.46% huenda hajui namba yake inayumba kiasi gani.

Bajeti iliyobaki ambayo haikubaki

Hapa ndipo niliona haya kweli. Niliandika kwamba tumetumia 89% ya bajeti, kwa kuwa majukwaa yalionyesha 16,000 kati ya 18,000. Mama alifungua faili lingine. Wakala aliyeweka matangazo alilipwa 10% ya matumizi, yaani 1,600. Video iligharimu 2,400, na ankara yake ililipwa kutoka fungu la idara nyingine kwa sababu siku ile fungu letu lilikuwa halijafunguliwa. Jumla 20,000. Karatasi ya idhini ilisema "bajeti ya kampeni", si "bajeti ya majukwaa". Tulikuwa tumezidisha kwa 2,000, nami nilikuwa naelekea kumwambia mkurugenzi kwamba tumebakiza.

Sikuwa na nia ya kuficha. Dashibodi inaonyesha kile tu kilichopita kwenye dashibodi, na ukiizoea unaanza kuamini kwamba hizo ndizo fedha zote. Hata kiasi cha jukwaa lenyewe afadhali ukisome kwenye ankara kuliko kuzidisha bajeti ya siku kwa idadi ya siku. Google Ads, kwa mfano, inaweza siku moja kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku uliyoweka, kisha ikajirekebisha ili kwa mwezi isivuke bajeti hiyo mara 30.4. Kampeni ya siku 28 haimalizikii lazima pale mfumo unapojirekebisha.

Kwa 20,000, gharama ya kila mwanafunzi wa ziada ni 20,000 ukigawa kwa 208, yaani 96. Lengo lilikuwa 60. Nilipotafuta hiyo 60 ilitoka wapi, nilikuta mtu amegawa 18,000 kwa 300, basi. Lengo hilo liliwahesabu pia wale 70 ambao wangekuja wenyewe, kwa hiyo, ukilipima kwa wanafunzi wa ziada pekee, tangu siku ya kwanza lilikuwa dogo mno. Nililitaja hivyohivyo kuwa limekosekana, kwa sababu kulibadilisha lengo baada ya matokeo ni mchezo ambao kila mkurugenzi ameshauona.

Kilichompa mkurugenzi kitu cha kuamulia ni namba nyingine, ambayo Mama alinipa kwa mdomo: kila mwanafunzi, baada ya gharama za kumfundisha, huiachia taasisi 130. Sasa pima. Kama ongezeko la kweli ni 170, kila mmoja aligharimu karibu 118. Kama ni 240, karibu 83. Pande zote mbili ziko chini ya 130. Yaani kuyumba kote nilikokueleza hapo juu hakugeuzi jibu: kampeni ilijilipa, kwa faida ndogo. Nimegundua kwamba hiki ndicho kinachoufanya muhtasari uaminike. Msomaji anavumilia "kati ya 170 na 240" pale anapoona kuwa uamuzi ni uleule kwenye ncha zote mbili. Kama ncha moja ingeangukia juu ya 130, hilo ndilo lingekuwa la kuandika kwenye mstari wa kwanza.

Wiki ya nne

Nilisema nitarudi. Wiki ya nne mtandao wa kijamii ulikula 3,100 na kuleta oda 14 kwa viungo vyake. Hiyo ni 221 kwa mwanafunzi. Kumi na nne ni idadi ndogo, kipeuo chake cha pili ni karibu 4, kwa hiyo niliijaribu kwa ukarimu: tuseme zilikuwa 21. Bado ni 148, juu ya 130. Ukichanganya na yale marudio ya mara 6 kwa wiki, picha inaeleweka: tulikuwa tunawalipia watu walewale waliokwisha kusema hapana.

Kuna pingamizi la haki. Siku za mwisho za usajili watu hukimbilia kulipa, na wengi huja kupitia barua ya kukumbushwa, kwa hiyo tangazo la wiki ya nne huenda lilisukuma na sifa ikaenda kwa barua pepe. Inawezekana. Ndiyo maana nilipendekeza kuikata wiki hiyo awamu ijayo na kutazama kitakachotokea, badala ya kutangaza kwamba mtandao wa kijamii haufai.

Mistari iliyokwenda

Baada ya siku moja na nusu ya kazi, muhtasari ulikuwa huu:

> Usajili wa siku 28: waliolipa na kubaki ni 278, lengo lilikuwa 300. Waliopitia viungo vya kampeni ni 242. Ukilinganisha na awamu tatu zisizo na matangazo ya kulipia (wastani 70), tunakadiria kampeni iliongeza wanafunzi kama 200 (kati ya 170 na 240).
>
> Matangazo ya mtandao wa kijamii yalifikia akaunti kama 300,000, kila moja kwa wastani mara 5. Video ilifikia kama 170,000, na wengi wanaweza kuwa walewale. Ukurasa wa usajili ulipata ziara 8,700 za kampeni, na karibu 3 katika kila 100 ziliishia kwenye malipo.
>
> Matumizi yote ni 20,000, yaani 2,000 juu ya idhini. Ada ya wakala na video havikuwa vimehesabiwa, na video ililipwa kutoka fungu la idara nyingine. Kila mwanafunzi wa ziada aligharimu kama 100. Lengo la 60 limekosekana, lakini gharama iko chini ya 130 anayoiachia taasisi.
>
> Wiki ya nne ya mtandao wa kijamii haikujilipa (3,100 kwa wanafunzi 14). Tunapendekeza kuikata awamu ijayo.

Namba ni nyingi kidogo kuliko za kwanza, na habari njema ni chache. Nilijadiliana na nafsi yangu kuhusu sentensi ya video kulipwa kwingine. Ingeweza kukaa kwenye kiambatisho. Niliiacha palepale kwa sababu aliyeisaini ankara ile angekuwa kikaoni, na ni heri mtu ausome upungufu kwako kuliko ausikie kwa jirani wa meza.

Yaliyokwenda kwenye kiambatisho ni mibofyo, maonyesho, mgawanyo wa oda kwa chanzo, na aya moja ya jinsi 412 ilivyokuwa 278. Aya hiyo niliiweka kwa kuwa watu watatu walikuwa wameshaiona 412 kwenye rasimu, na namba iliyokwisha kuonekana haifi yenyewe.

Mkurugenzi alisoma mbele yangu. Kuhusu ufikiaji hakuuliza lolote. Aliuliza nani aliruhusu video ilipwe kwenye fungu la watu, nikamwambia. Kisha akarudi mstari wa kwanza, akaweka kalamu kwenye mabano.

"Hapa bodi itanibana. Niwaambie ngapi, dada?"

"Waambie 200."

"Na haya mabano niyafute?"

"Hapana, mkurugenzi. Mabano yabaki."

Akageuza ukurasa.